Mchumba wangu anadhani nina mwanamke chumbani. Mwanamke mwenyewe ni mimi

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwalimu wa sekondari binafsi hapa Mbeya, nina miaka 29, nimepanga vyumba viwili Uyole. Kwa mwaka na nusu sasa nina chaneli ya YouTube ambayo sura yangu haijawahi kuonekana. Anayeonekana ni kikaragosi cha katuni, Bibi Parachichi, kikongwe mwenye kilemba anayewasema vijana na kucheza gemu vibaya. Rafiki yangu wa Iringa ndiye aliyemchora. Mimi nakaa mbele ya simu, simu inasoma uso wangu, nikikonyeza naye anakonyeza. Sauti ni yangu, naibana. Naingia laivu mara mbili kwa wiki, saa 3 hadi saa 5 usiku.

Sasa mambo yamenigongana. Mama mwenye nyumba amemwambia mchumba wangu kwamba usiku kuna mama mtu mzima anacheka chumbani kwangu. Posa imeshapokelewa kwao Tukuyu na mahari tumelipa nusu. Aliponiuliza nikasema ni redio. Hakuamini.

Halafu Februari niliweka namba yangu ya M-Pesa chini ya video, anayependa amnunulie Bibi ugoro. Watu 41 wameshatuma. Wiki iliyopita, laivu ikiendelea, mmoja akaandika kwenye maoni "Asante Mwl." na jina langu la kwanza. Nikafuta haraka. Kesho yake ukaja ujumbe WhatsApp: "Siri yako iko salama kwangu mwalimu. Ila laivu ijayo Bibi anisalimie kwa jina." Nahisi ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu.

Na kuna binti anayesema ana miaka 16, yuko Makambako. Amemwandikia Bibi faraghani kuwa kuna jambo nyumbani linamtisha na hajamwambia mtu. Anasema amemwamini Bibi kwa sababu ni mtu mzima na ni mwanamke. Sijamjibu, ni siku ya tano.

Mama, nijitokeze niseme ni mimi, au nifunge chaneli yaishe?

Mwalimu, Uyole

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikuombe radhi kwa kuichezea barua yako. Jina la kikaragosi lililochapwa hapo juu silo uliloniandikia, na siku za laivu nimezifuta. Ulinitumia jina halisi la Bibi, mtaa, na hata kanisa lililo nyuma ya shule. Ningeichapa ilivyokuja, wasomaji wangu wote wangekujua kabla chai haijapoa. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Nianze na binti wa Makambako, ingawa wewe umemweka mwisho. Nahisi umeshindwa kumjibu kwa sababu kila sentensi unayoianza inakuwa ya uongo. Kama Bibi, unamdanganya. Kama wewe, unajifichua. Lakini ipo njia ya katikati, kwa kuwa jina lako halimsaidii kitu. Alichokiegemea ni mambo mawili, utu uzima na uanamke, na la pili si kweli. Watazamaji wako wengine hawakudanganywa. Wanaona katuni yenye kilemba, wanajua kuna mtu nyuma yake, kama baba zetu walivyojua kwamba bibi wa kwenye vichekesho alikuwa na ndevu chini ya khanga. Huyu binti yeye ameacha kutazama mchezo na ameomba msaada. Naona anastahili kuujua ule ukweli mmoja unaomhusu.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Mimi ninayemwigiza Bibi ni mtu mzima, lakini si mwanamke, wala si mshauri. Ulichoniandikia nimekisoma na ninakiamini. Piga 116, ni namba ya kuwasaidia watoto, ni bure. Au nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto." Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana akija kukueleza kwamba yuko hatarini utalazimika kuivunja ahadi, na wewe mwenyewe unaweza kuipiga hiyo 116. Hatari ipo, sikufichi. Anaweza kuumia na kunyamaza kabisa, au kutangaza kwamba Bibi ni mwanaume. Ya pili utaiweza. Ya kwanza inanitia wasiwasi zaidi, ila siku ya sita ya kimya cha Bibi inanitisha kuliko zote. Mwandikie kabla hujaendelea kusoma.

Umerudi? Sasa fedha.

Unaongea kana kwamba siri ilivuja wiki iliyopita. Sidhani. Laini yako ya simu, kama ya kila mtu nchini, imesajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha NIDA. Mtu akikutumia hela, jina lile la NIDA linamtokea ili athibitishe hajakosea, kisha linabaki kwenye SMS ya muamala. Kila aliyemnunulia Bibi ugoro wa buku amepokea jina lako kamili. Kwa hiyo siri ilivuja Februari, kwa mtu wa kwanza, na tangu hapo watu 41 wanalo jina lako kwenye simu zao. Mmoja tu ndiye aliyelitamka. Sijui kama hili linakutisha au linakupoza. Mimi limenipoza kidogo, kwa sababu lina maana kwamba 40 waliobaki ama hawakulisoma, ama walilisoma wakaona hawana haja nalo.

Hata hivyo bomba linalovuja huzibwa. Ukikimbilia kununua laini mpya utakuwa hujafanya kitu, maana kidole ni kilekile na jina ni lilelile. Ukiazima laini ya mdogo wako, utakuwa umemtoa yeye mbele badala yako, na matumizi ya laini iliyosajiliwa kwa mtu mwingine yanaweza kuwaletea matatizo nyote wawili. Kinachotumika zaidi ni Lipa Namba ya biashara, ambayo mlipaji huona jina la biashara. Muulize wakala waziwazi, kabla ya kusaini, mlipaji ataona maneno gani. Kisha usimwamini wakala, wala mimi. Mwombe rafiki mmoja wa mtandao uleule na mwingine wa mtandao tofauti wakulipe shilingi 500 kila mmoja, wakupigie picha kila hatua: kabla ya kuthibitisha, baada ya kuthibitisha, na SMS. Jina lako likionekana popote kati ya hatua hizo, hiyo namba haifai kuwekwa chini ya video. Na kama utasajili jina la biashara BRELA, kumbuka kwamba daftari lile halikuwekwa ili kuficha watu. Mwenye nia ya kukutafuta anaweza kufanya upekuzi.

Njia nyingine ni kuacha michango kabisa na kutegemea matangazo ya YouTube. Huko mtazamaji haoni jina. Lakini AdSense, kitengo cha Google kinacholipa hela za matangazo, wanalitaka jina lako halisi, na mapato yakifika dola 10 wanatuma PIN kwa barua ya posta, karatasi kabisa, ndani ya bahasha yenye jina lako. Kama wengi wetu huna sanduku lako, unatumia S.L.P. ya shule. Basi bahasha hiyo itapita mikononi mwa mhasibu, katibu muhtasi na yeyote anayepanga barua pale mezani. Kukodi sanduku lako mwenyewe ni gharama ndogo kuliko maswali ya chumba cha walimu.

Unaona ninapoelekea. Barua yako inazungumzia siri kama kitu kimoja: ama ipo, ama imekwisha. Wanaofanya kazi hii kwa miaka hawaihesabu hivyo. Kule Japani, ilikoanzia, mtu aliye nyuma ya katuni wanamwita naka no hito, yaani mtu wa ndani, na huyo hufahamika kwa watu kadhaa: anayemlipa, anayemchorea, anayekaa naye nyumba moja. Asiyemjua ni mtazamaji. Wewe umejaribu kumficha mtu wa ndani kwa wote, mchumba wako akiwemo, halafu waliomjua ni watu 41 usiowajua. Mlango wa mbele uko wazi na wa uani umeupiga kufuli.

Sasa huyu wa WhatsApp. Kama angekuwa mtazamaji wa kawaida ningesema hifadhi skrinishoti yenye tarehe na namba, usimjibu ukiwa na hasira, subiri uone. Alichoomba ni salamu tu. Lakini salamu yenye neno "ila" mbele yake ni bei, na bei ya kwanza huwa ndogo. Kinachonifanya nisite ni hilo la kidato cha tatu. Mwalimu mwenye siri ya pamoja na mwanafunzi, wanaandikiana usiku WhatsApp, na mwanafunzi ndiye aliyeshika kamba: hata kama hakuna baya lolote, jaribu kulisoma kwa macho ya mzazi wake. Bibi akimsalimia laivu, utakuwa umesaini. Tena kumbuka "nahisi" siyo "najua". Ukimwita ofisini mtoto asiyehusika, utakuwa umemwambia siri mtu wa 42.

Kuna njia inayokata kamba hiyo, na ina gharama yake: kumwambia mkuu wa shule wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa. Uisome kwanza mikataba yako. Baadhi ya shule binafsi zina kipengele cha kazi za nje ya shule, nyingine hazina. Mkuu anaweza kucheka, na anaweza pia kukuambia uchague. Wewe ndiye unayemjua, mimi simjui. Usipomwambia, unabaki ukitumaini kwamba kijana wa miaka 16 atakaa na habari tamu namna hii hadi mtihani wa kidato cha nne. Na kama vitisho vitageuka kuwa vya fedha au matusi, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hapo zile skrinishoti ndizo zitakazozungumza kwa niaba yako. Kwa sasa sioni haja ya kumtishia mtu na sheria kwa kuomba salamu.

Kuhusu kujitokeza. Wengi hudhani sura ikionekana, kikaragosi kimekufa. Mfano maarufu kuliko yote hausemi hivyo moja kwa moja. Kizuna AI, msichana wa katuni aliyeanza YouTube mwishoni mwa 2016 na ambaye ndiye wa kwanza kujiita virtual YouTuber, alikaa zaidi ya miaka mitatu bila jina la mtu wa ndani kutangazwa rasmi. Mwaka 2019 waliomsimamia wakaongeza waigizaji wengine, sura ileile lakini sauti tofauti. Watazamaji wakachachamaa. Hawakuwa wakilijua jina la mtu rasmi, lakini walijua vizuri sana kwamba aliyekuwa akiongea siye yule waliyemzoea. Aprili 2020 ndipo jina la Nozomi Kasuga likatajwa wazi kwamba ndiye sauti ya mwanzo, na Kizuna akaendelea hadi alipopumzishwa Februari 2022, akarejea tena 2025. Jina lilipotoka, katuni haikufa. Kilichomtikisa zaidi ni kuguswa kwa sauti.

Lakini usikimbilie kujilinganisha. Yeye alikuwa msichana aliyeigiza msichana, akiwa na kampuni nyuma yake, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuigiza. Wewe Jumatatu asubuhi unasimama mbele ya vijana 50 ukiwafundisha, na mtu wa nyuma ataita "Bibi!" kwa ile sauti yako. Labda utacheka nao, iishe kwa wiki moja. Labda haitaisha. Nilikuwa mmoja wa sauti katika michezo ya redio enzi hizo, nikiigiza mama wa kambo mkali, na nilikuwa nikipita Sokomatola na kikapu changu bila mtu kugeuka. Siku muuza nyanya aliponitambua kwa jinsi ninavyosema "eti", nilipunguziwa bei ya fungu moja na nikaongezewa laana. Nililipenda fungu. Ila kesho yake nilibadilisha genge. Kufunga chaneli unaweza kufungua tena baadaye. Jina likishasemwa halirudi mdomoni. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya hayo mawili uliyoniuliza, na sioni kwa nini lazima uchague mojawapo wiki hii.

Wakati unafikiri, tazama mahali pengine panapovuja. Uzuri wa kutumia simu kusoma uso ni kwamba picha yako haiendi kwenye kompyuta. VTube Studio, programu ya kuchezesha katuni kwa uso, ikiwa kwenye simu hupeleka vipimo tu, jicho limefumba kiasi gani, mdomo umefunguka kiasi gani. Basi ndani ya OBS, programu ya kurushia laivu, usiwe na kamera kabisa, hata iliyofichwa, maana kidole kinachoteleza hakichagui. Onyesha dirisha la gemu na la Bibi peke yake, usionyeshe skrini nzima. Februari 2022 mwigizaji mmoja mkubwa wa kampuni ya Kijapani alikuwa laivu, ujumbe wa faragha kutoka Discord, mtandao wa kuchati, ukachomoza kwenye skrini mbele ya watazamaji. Minong'ono ilianza usiku huohuo, na kabla mwezi haujaisha mkataba wake ulikuwa umevunjwa, kampuni ikisema alitoa taarifa kwa watu wa nje. Wewe huna kampuni, lakini una kundi la WhatsApp la walimu.

Na masikio. Umeniandikia kwamba dirisha lako linatazama barabara. Mtu wa Uyole anayesikiliza kwa makini atamtambua konda anayeita abiria, na umeme ukikatika saa 3 na dakika 40 na laivu ikazimika dakika hiyohiyo, kila jirani mwenye simu amekujua mtaa. Kichujio cha Noise Gate ndani ya OBS hunyamazisha maikrofoni usipoongea, lakini ukifungua mdomo konda anaingia nawe. Blanketi zito dirishani linasaidia zaidi, na litamsaidia pia mama mwenye nyumba kulala.

Ambaye, kwa kweli, hakusema uongo. Alisikia mama mtu mzima anacheka.

Mchumba wako hajakosea kutokuamini redio. Redio haisimami kumjibu mtu. Unachoogopa, nadhani, siyo kwamba atakasirika. Unaogopa kwamba atakuona mwanaume anayejibana sauti ya kike usiku, halafu asikutazame tena kama alivyokutazama siku ya posa. Sijui atakutazamaje. Ninachojua ni kwamba kwa sasa anatazama mwanamke asiyekuwepo, na huyo mwanamke anazidi kukua kila usiku unaoingia laivu. Anaweza kumwambia dada yake, na dada yake akawaambia Tukuyu nzima. Hilo ni la kumwomba mapema, kabla hujamwonyesha, na si baada.

Na ninasema kumwonyesha, siyo kumweleza. Ukimweleza mezani kwamba "mimi ndiye yule mama", itasikika mbaya kuliko ilivyo. Mlete siku isiyo ya laivu, mchana, mlango wazi mama mwenye nyumba akiwa uani. Weka simu kwenye stendi yake, mwashe Bibi. Kisha usikae wewe. Mkalishe yeye kwenye kiti, mwambie atazame mbele sekunde chache mpaka simu iuzoee uso wake. Mashine haijui ni nani aliyekaa pale. Akiinua nyusi kwa mshangao, kilemba cha Bibi kitapanda. Akikukunjia uso, Bibi atakunja. Wewe simama nyuma ya kiti, kimya, na ile sauti usiitoe mpaka aiombe mwenyewe.